Picha ya Maziwa na Sambusa

Tangazo la kwanza nililiandika kwa dakika kumi, na mimi nikiandika kitu kwa dakika kumi huwa najiona bingwa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la baa ya maziwa, Kicukiro, simu mkononi, unga bado kwenye kucha. Kwa asiyeijua, baa ya maziwa ni mahali watu wanakaa na kunywa maziwa ya moto, au ikivuguto, yaani yaliyoganda, na pombe hakuna. Mwenye baa alikuwa mlangoni anapokea maziwa. Anachovya kile kipimo cha kioo kinachoelea, cha kujua kama maziwa yametiwa maji, anakitazama, anaitikia kwa kichwa, ndipo mleta maziwa anaruhusiwa kumimina. Hana haraka hata chembe. Mimi nina haraka tangu nizaliwe, mama yangu alikuwa akilisema hilo kila siku huko Mwanza nilikokulia.

Miaka sita nilikuwa nakaanga mandazi, chapati na sambusa kwenye dirisha langu Rebero. Huyu bwana wa baa alikuwa mteja wangu: kila alfajiri alichukua ndoo ya mandazi kwa ajili ya wanywaji wake. Kilipobaki wazi chumba cha nyuma ya baa yake, tukakubaliana. Mimi nihamishie jiko pale, yeye apate mandazi ya moto, mimi nipate watu wanaokaa, siyo wanaonunua dirishani na kukimbia. Kila mmoja abaki na biashara yake na jina lake. Ufunguo wa Rebero nikamrudishia mwenye nyumba, na wiki ileile msusi mmoja akaanza kupaka lile dirisha rangi ya waridi. Nilipita nikaona, nikajua kurudi nyuma hakuna tena.

Tangazo lenyewe lilikuwa hivi:

"Wapendwa wateja, kuanzia Jumatatu mandazi ya Rebero na maziwa ya Kicukiro yako chini ya paa moja. Kinachobadilika: dirisha la Rebero linafungwa na jiko linahamia Kicukiro. Tutafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mliozoea kuchukua Rebero mtaletewa kwa pikipiki, mkiagiza kabla ya saa mbili usiku. Kisichobadilika: bei, namba zetu za simu, ng'ombe walewale, mikono ileile. Oda za Jumapili tulizokwisha pokea ziko palepale. Kadi zenu za vikombe kumi, cha kumi na moja bure, zinaendelea."

Hapo sina cha kujilaumu. Hata leo nikilisoma naona kila swali la mteja lina jibu lake. Nililiandika kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na Kinyarwanda changu yule bwana alikinyoosha kidogo. Lakini tangazo bila picha nani analisoma? Nikapanga picha. Bilauri ndefu ya maziwa, meupe, povu juu, na ubavuni kwenye sahani hiyohiyo sambusa tatu za nyama, moja nimeikata ili nyama ionekane. Nikamwonyesha.

Aliitazama muda mrefu. "Ni nzuri, dada."

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

Nikaiweka kwenye status yangu, nikaituma kwenye kundi la kwaya ninayoimba, naye akaiweka kwenye ya kwake. Mpaka jioni nilikuwa nimepata mioyo na makofi hadi simu ikachemka.

Jumatatu watu wangu wa Rebero walikuja, wakakagua jiko, wakasifu. Upande wa mabenchi kukawa kimya. Pale kwa kawaida wanakaa wazee, wanawake kwa wanaume, kama kumi hivi, wakitoka misa ya asubuhi. Wengi wao walikulia Uganda kwenye ng'ombe, na maziwa kwao siyo kinywaji, ni heshima. Siku hiyo walikuja wawili tu, wakanywa bila kukaa vizuri, wakaondoka. Jumanne hakuja hata mmoja. Yule bwana akagandisha maziwa yaliyobaki, lakini ikivuguto nayo inataka mnywaji. Jumatano mleta maziwa akaambiwa alete nusu. Akasema nusu haimfai, kama ni nusu basi atatafuta baa nyingine ya kumchukulia yote. Yeye na yule bwana walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Aliombwa asubiri jibu mpaka Jumamosi, naye akasubiri kwa shingo upande.

Mimi nilidhani ni mvua. Halafu nikadhani ni rangi mpya ya mlango. Alhamisi asubuhi nikamwona mukecuru mmoja, ndivyo tunavyowaita bibi wazee hapa, yule aliyekuwa akikaa karibu na ukuta kila siku ya Mungu. Anapita upande wa pili wa barabara, uso ameugeuzia mbali nasi. Nikavua aproni nikamfuata.

"Mukecuru, shikamoo. Tumekukosea nini?"

Alisimama. Hakuitikia shikamoo, sijui kama kwao ipo. "Mumeleta nyama kwa maziwa."

"Ile ni picha tu."

"Picha ya sahani yenu. Mukaza mwanangu alinionyesha kwa simu, nikamwambia toa hiyo kitu mbele yangu." Akanitazama kuanzia viatu. "Sisi mtu akikula nyama, siku hiyo hanywi maziwa. Ng'ombe anaumia kwa matiti. Hiyo hata mtoto anajua."

"Mimi sikujua, mukecuru. Nimekulia mjini, Mwanza. Maziwa yetu yalikuwa ya kuweka kwenye chai."

"Wewe hukujua," alisema. "Yeye anajua."

Na akaenda zake. Nilibaki pale pembeni ya barabara, aproni mkononi, uso unawaka kwa aibu. Halafu aibu ikageuka hasira, na hasira yangu ikishawashwa haina breki.

Nilimkuta anasuuza vikombe. "Ulijua mambo ya nyama na maziwa?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia iko sawa."

Aliweka kikombe chini, akakigeuza. "Ulikuwa na furaha sana, dada."

Jamani. Nilimwambia maneno ambayo mengine siyaandiki hapa. Nilimwambia kama furaha yangu inamfungia baa na yeye ananiangalia tu, basi bora angenipiga kofi siku ile. Nilimwambia nimerudisha ufunguo, dirisha langu lina rangi ya waridi, nitakwenda wapi? Yeye aliendelea kusuuza vikombe. Alikulia Burundi, nyumba ya watu wapole, na baadaye aliniambia kwao kumwambia mtu hapana usoni ni kama kumfukuza. Alidhani wazee wataizoea ile picha, itapita. Nililia, sitaficha. Nililia nikiwa nimeshika mwiko.

Nilipomaliza nikasema, "Basi naacha sambusa za nyama. Kuanzia leo."

Nilisema hivyo nikiwa nazipenda kuliko kitu chochote ninachopika. Nilitegemea atasema asante, dada, iko sawa. Ndiyo alivyo.

"Hapana," alisema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia kwake.

"Watu wako wa Rebero wanakufuata kwa sababu ya hizo. Ukiziacha utanichukia. Si leo. Mwaka kesho." Akafuta mikono. "Chumba chako kina mlango wa kichochoro. Tumia huo."

Tukakaa benchini tukalipanga jambo lote upya. Sambusa za nyama ziuzwe kwenye mlango wa kichochoro, zifungwe kwenye karatasi, mtu aondoke nazo, zisiliwe ndani. Nyama iwe na karai lake, mafuta yake, kisu chake, beseni lake la kuoshea. Mlango wa katikati, ule wa kuingilia baa, usipitishe nyama, wala mimi nisiupite na aproni ya jikoni. Vikombe vya maziwa vioshwe mbele, na yeye mwenyewe. Kisha tukaandika tangazo la pili, na hapo kwa mara ya kwanza nikamwona mtu niliyeshirikiana naye. Niliandika "kutokana na maoni yenu mazuri", akasema, "Hii hapana. Hawakutoa maoni, waliondoka." Niliandika "picha ilieleweka vibaya". "Hapana. Walielewa vizuri." Niliandika sentensi moja tamu sana kuhusu umoja, akaifuta bila hata kuniuliza. Nilitaka kumrushia simu, huku moyoni nimefurahi hata sijui nieleze vipi.

Likabaki hili:

"Tulikosea. Tuliweka nyama na maziwa kwenye sahani moja, na baa hii haitafanya hivyo. Upande wa maziwa ni kama ulivyokuwa: maziwa, ikivuguto, mandazi, chapati. Nyama haiingii, wala vyombo vyake. Sambusa za nyama zinapatikana mlango wa kichochoro, za kubeba tu. Karibuni mkague wenyewe." Chini tukaweka majina yetu, yote mawili.

Status ingekaa siku moja tu ipotee, na wazee hata hawazifungui. Kwa hiyo tulilichapisha kwa Kinyarwanda, herufi kubwa, tukalibandika kwenye milango yote miwili, na nakala moja nikampelekea mkaza mwana wa mukecuru.

Ijumaa asubuhi mukecuru alikuja. Alilisoma mlangoni, kidole kikifuata mstari, hadi mwisho. Hakutusalimia. Alizunguka akaingia jikoni kwangu kwa upande wa kichochoro, akainusa sufuria, akauliza kisu cha nyama ni kipi, akaambiwa, akauliza beseni lake ni lipi, akaonyeshwa. Alitoka, akaingia kwa mlango wa mbele, akakaa karibu na ukuta. Yule bwana alimletea maziwa ya moto kwa mikono miwili. Alikunywa taratibu, na kabla hajamaliza alipiga simu mbili. Sikuelewa yote aliyosema, ila nilisikia neno "amata" mara nyingi, yaani maziwa, na saa tatu mabenchi yalikuwa na watu sita.

Sita siyo kumi. Usiku kucha tulikuwa hatujui tumwambie nini mleta maziwa, na Jumamosi ndiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi na mapema mlango wa kichochoro uligongwa. Nilipofungua alikuwa yeye, mukecuru, amejifunika khanga mpaka kidevuni, anatazama nyuma kama mtu anayenunua magendo.

"Ile sambusa uliyoikata," alisema. "Ilikuwa na nyama mingi?"

"Nyingi, mukecuru."

"Nifungie nne. Leo ni siku ya nyama." Alipokea mfuko wa karatasi, akaubana kwapani, upande wa mbali na baa. Akapiga hatua mbili, akarudi. "Mwambie yule kijana kesho nikitoka misa aniwekee nafasi yangu. Na ya dada zangu wanne, watatoka Kabuga na basi. Wanataka kuona hiyo beseni."

Nilisimama kwenye mlango wa katikati, sikuuvuka, nikamwita yule bwana na kumwambia. Akahesabu vikombe kwa vidole mpaka kumi, polepole kama kawaida yake. Kisha akatoka barabarani, ambako mleta maziwa alikuwa ameshafika na anasubiri juu ya baiskeli, akamwambia alete yote.