Barua Yenye MINT

Barua za rafiki yangu wa Kakuma zilijaa makosa, na mimi niliyapenda makosa yale kuliko barua zote sahihi nilizopiga chapa ofisini Lodwar. "Ejok dada," ndivyo alivyoanza kila mara. "Mimi iko mzuri. Mama nasalimia wewe. Wewe nakuja lini?" Ejok ni salamu ya Waturkana, yaani "njema", na sisi wawili tulikuwa wageni kwao: yeye mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, mimi karani kutoka upande wa Kitale. Tuliiazima tukaifanya yetu.

Kiswahili alijifunza kwangu. Kabla sijahamishiwa Lodwar, nilifundisha mwaka mzima darasa la watu wazima katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na yeye alikaa mbele, sindano za kushonea zimechomekwa kifuani mwa gauni lake. Siku niliyofundisha barua rasmi aliniuliza tofauti yake na barua ya rafiki. Nikamwambia kuwa barua rasmi ina anwani mbili, ina mstari wa MINT, yaani mintarafu, unaotaja habari inayohusu, na humalizika kwa "wako mwaminifu". "Hiyo ni ya mtu usiyemjua," nikasema. Akaandika maneno hayo daftarini na kuyapigia mstari.

Mama yake aliishi naye kambini. Katika Kiswahili alijua neno moja tu, "binti", na neno hilo alinipa mimi. Kila nilipofika aliagiza chai iwekwe motoni hata kabla sijaketi.

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, dereva wa lori aliniletea salamu za mdomo: mama anaumwa, anakuulizia. Nikasema nitakwenda. Wiki ile ile mkubwa wangu akanichukua safari ya kikazi Lokichoggio, na njia ya Lokichoggio hupita Kakuma. Siku hizo magari yalikwenda kwa msafara, polisi mbele na nyuma, kwa sababu ya majambazi. Tulipofika Kakuma nilimwona rafiki yangu ng'ambo ya barabara, amesimama penye cherehani yake. Nikampungia mkono dirishani. Naye akanipungia. Msafara ukaendelea.

Hivyo ndivyo nilivyojisimulia mambo kwa majuma mawili, mpaka barua yake ikafika. Niliifungua mezani kwangu nikitabasamu, na tabasamu likaniganda usoni. Juu kulia palikuwa na anwani yake. Chini yake, kushoto, anwani yangu, pamoja na cheo changu. Kisha hivi:

"Kwa Bi. Karani,

MINT: SHUKRANI KWA SALAMU ZAKO

Ninakushukuru kwa kunipungia mkono. Ninaelewa kwamba una kazi nyingi na muhimu. Ninatumaini kwamba soda ilikuwa baridi. Tafadhali usijisumbue kwa ajili yetu. Mama hasumbuki tena.

Wako mwaminifu."

Hapakuwa na kosa hata moja. Lazima alikaa na daftari lile la zamani akavuta kila neno mahali pake. Na ejok haikuwepo.

Nilijua amekasirika. Mtu haandiki "una kazi nyingi na muhimu" kwa moyo mweupe. Lakini mimi nina kichwa kigumu, na neno soda lilinichoma mahali ambapo sikutaka kuguswa. Nikajiambia, kama ana neno si aseme, mbona azungukezunguke? Nikaona dawa ni kumjibu kwa lugha yake, nusu mzaha, nusu kisasi. Nikaingiza karatasi katika taipureta: "MINT: BARUA YAKO. Barua yako imepokelewa na yaliyomo yamezingatiwa. Nimefurahi sana kusikia kwamba mama hasumbuki tena. Mpe salamu zangu." Nikapiga muhuri wa ofisi chini kumchekesha. Dereva akaichukua.

Aliporudi alisimama mlangoni bila kuingia. "Ile barua nilimpa," akasema. "Akasoma, akaikunja, akaniuliza kama wewe unajua mama yake alizikwa."

Sikujua. Nilikuwa nimesoma "hasumbuki tena" nikaelewa amepona, mimi mwalimu wa Kiswahili. Alikuwa amenificha msiba ndani ya sentensi safi, aone kama nitautafuta, nami nikaupigia muhuri na kuandika kwamba nimefurahi. Nililia pale pale mezani, mashine mbele yangu.

Kumjibu tena ilikuwa kazi ngumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya kwa kalamu. Barua ya kwanza niliijaza msafara, polisi na mkubwa wangu. Kila sentensi ya pole ilifuatwa na "lakini", na nilipoisoma nikasikia mtu anayejitetea kwa chifu. Nikaichana. Ya pili nilijidhalilisha: mimi mbaya, mimi sifai, nisamehe, nisamehe. Hiyo nayo nikaichana, kwa kuwa ingemlazimu yeye mfiwa aanze kunibembeleza mimi.

Iliyobaki ni kusema lile jambo la soda. Ukweli ni kwamba msafara ulisimama. Ulisimama pale Kakuma kama robo saa, magari yakitiwa maji, na mimi nikashuka nikanunua soda, nikainywa nyuma ya gari. Nyumba yao ningeifikia na kurudi. Sikwenda kwa kuwa nilikuja mikono mitupu, na kwa kuwa niliogopa kumwona yule mama amekonda kitandani. Aliponipungia mkono alikuwa ameshaniona.

Nikaandika kwa mkono, bila anwani:

"Dada, gari lilisimama na mimi sikuja. Uliniona. Niliogopa. Barua yako niliisoma vibaya, na jibu langu lilikuwa la kejeli juu ya kaburi. Umenikasirikia, na una haki. Sikuombi uache. Naomba hasira yako uniambie kwa maneno yako, hata yakiwa mabaya. Nitakuja kwa msafara wa Jumamosi. Usipotaka kuniona nitakaa kanisani mpaka magari yarudi."

Jibu lilikuja Ijumaa, karatasi iliyochanwa daftarini, maandishi yanapanda na kushuka.

"Dada. Leo si ejok. Mimi nakasirika sana na wewe. Kwa nini wewe naandika nafurahi? Mimi nalia mpaka macho nauma. Kuja."

Nilihesabu makosa yale kama mtu anayehesabu mifugo iliyorudi bomani. Sikuwahi kufurahia karatasi kiasi hicho, nikaona haya kufurahi.

Jumamosi alinipokea mlangoni bila salamu. Alinionyesha kiti cha mama yake, nikakataa, nikaketi chini mkekani. Naye akaketi upande wa pili wa mkeka. Kisha akaanza, akitazama mikono yake.

"Siku ile, watoto nakimbia, nasema gari ya mwalimu nasimama. Mama nasikia. Nasema, binti nakuja, weka chai. Mimi nasema, mama, labda yeye hapana kuja. Yeye nasema weka. Mimi naweka. Nakwenda barabara kuita wewe, naona wewe nakunywa soda. Gari naondoka, wewe napunga mkono, mimi napunga. Narudi. Mama nauliza, binti iko wapi? Mimi nasema anakuja. Mama naangalia mlango. Chai nakaa mpaka nakuwa baridi, yeye nakataa mtu kumwaga."

Alilia, nami nikalia, kila mtu upande wake wa mkeka. Baadaye alinisindikiza hadi barabarani na kusema niandike. Siku hiyo hakuweka chai motoni, wala mimi sikuitarajia.