Ujumbe Uliokuja Mzima

Usiku huo mke wa Fundi alikaa kitini na simu ya mumewe mapajani, akiikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni. Ujumbe ulikuwa umekwenda. Alama ilionyesha umesomwa. Jibu ndilo halikuja.

Chumbani mumewe alikoroma. Hakujua kama ameandika ujumbe wowote, na kweli hakuwa ameandika.

Mtaani walimwita Fundi tu, maana maduka karibu yote ya barabara ile yalikuwa na mwandiko wake. Kinyozi, muuza vipuri, duka la dawa, wote waliandikiwa mabango naye, tena bila rula. Alikuwa akipanda ngazi, anavuta pumzi, brashi inashuka mara moja na herufi inasimama wima. Sasa mikono ilikuwa ikitetemeka. Ugonjwa ulianza na kidole gumba, ukapanda, kisha ukaingia hata kwenye sauti. Akili yake ilikuwa timamu, maneno alikuwa nayo yote, ila yalitoka kwa mnong'ono ambao usipomkaribia mdomoni huusikii. Kwenye simu hakusikika kabisa. Ukipiga, unasikia mtu anapumua.

Kwa hiyo aliandika kwa kidole kimoja. Na kidole chenyewe kilipokuwa kinakwenda kwenye herufi, kilipitia na kitufe cha kutuma. Basi ujumbe wake ulifika vipandevipande: "hab", halafu "za happ", halafu "aa". Kwenye kundi la ukoo shemeji yake hakuweza kujizuia.

"Fundi kalalia simu tena!" aliandika siku moja, na vicheko vikamfuata. Mwingine akauliza, "Fundi unasemaje?" Wa tatu, "Hatujakuelewa." Wa nne akapiga simu, skrini ikafunikwa, kidole cha Fundi kikakata simu bila kukusudia, wakasema ana kiburi. Tangu hapo hakuandika tena kwenye kundi.

Kule hospitali kulikuwa na binti mmoja anayewafundisha wagonjwa kutumia mikono yao. Aliwaonyesha mambo madogo yenye maana. Simu ilazwe mezani juu ya kipande cha mpira isiteleze. Kiwiko kiwekwe kwenye mto. Herufi zikuzwe. Kwenye mipangilio akaifanya simu isihesabu mguso wa kupitia tu, mpaka kidole kitulie kidogo. Na saa nzuri ya kuandika ni dawa ikishaingia mwilini.

Kisha akamgeukia mke.

"Mama, hayo ni ya baba. Yenu ninyi mnaomjibu ndiyo magumu zaidi. Msubirini. Msimpigie akiwa anaandika. Swali moja, si matano. Mkiona amechoka, mpeni majibu mawili achague, ila vitufe vikae mbali, kimoja mwanzo wa mstari wa herufi, kimoja mwisho, kidole kisije kikaangukia cha jirani. Akijibu, mrudishieni mlichoelewa, athibitishe. Na msimmalizie sentensi asipowaomba."

"Nimeelewa, mwanangu," mke alijibu. Na alielewa kweli. Hilo ndilo lililomuuma baadaye.

Walikuwa na mtoto mmoja. Fundi alimwita Brashi, kwa sababu alipokuwa mdogo ndiye aliyembebea brashi na kuziosha kwa mafuta ya taa. Alipokua akasema hataki ngazi wala rangi, anataka ofisi yenye feni. Wakagombana. Fundi, sauti yake ikiwa bado nzima, alimwambia mlangoni: "Ukitoka humu kwa sababu hiyo, usirudi mpaka nikuite."

Brashi akatoka. Akapata kazi ya kuwajibu wateja wa kampuni kwa ujumbe wa simu, siku nzima anaandika. Sasa alikuwa amepata mkataba wa nchi za mbali, miaka mingi, na ndege yake ilikuwa Jumamosi alfajiri.

"Nitakuja kumuaga, Mama," alikuwa amesema. "Lakini si alisema mpaka aniite? Basi aniite. Mwenyewe, si kupitia kwako."

Fundi alipoambiwa alifumba macho, kisha akanyoosha mkono kuomba simu. Jioni nzima aliandika. Kilichokwenda kilikuwa "br", na "brra", na "nji". Mtoto alijibu papo hapo: "Baba?" "Nini?" "Unataka kusema nini?" "Niko kazini, sema basi." Kila simu ilipolia Fundi alishtuka, na akishtuka mkono ulizidi. Mwisho akaisukuma simu, akaenda kulala.

Mke aliiokota. Siku zilikuwa zinakwisha, na yeye alijua mumewe alitaka kusema nini, angekosaje kujua? Akaandika: "Mwanangu mpenzi, yaliyopita yamepita. Nimekusamehe, njoo nyumbani uniage." Akatuma, akakaa kitini kungoja.

Asubuhi simu iliyolia ilikuwa yake mwenyewe.

"Mama, ile ni wewe."

"Ipi?"

"Mama, usinifanye mtoto. Imekuja nzima. Ina mpaka nukta. Na huyo 'mwanangu mpenzi' katoka wapi? Baba hajawahi kuniita hivyo hata siku niliyovunjika mguu."

Mke aliikaza simu sikioni.

"Na zile 'br' na 'nji'?" aliendelea Brashi. "Nazo ni zako?"

"La, mwanangu! Zile ni zake kabisa, naapa. Alikuwa anakuita. Ulimkatiza na maswali."

"Sasa nitajuaje, Mama?"

Fundi naye aliuona ujumbe ule alipofungua simu. Aliusoma polepole. Akamtazama mkewe kwa muda mrefu, mdomo ukicheza, mpaka mke akainama kumsogelea asikie.

"Umeni... nyang'anya," alisema.

Mkewe alilia, lakini hakulia kwa muda mrefu kwa sababu Jumamosi haikuwa mbali. Alimpigia Brashi na kumwomba ajaribu tena, safari hii kwa utaratibu. Alimweleza aliyofundishwa.

"Usimpigie. Usimrundikie. Andika mara moja, halafu tulia. Akikuletea kipande, usiulize nini, ngoja kipande kingine."

"Mama, kazini mteja akikaa kimya tunafunga mazungumzo yake, tunachukua mwingine. Nikichelewa msimamizi ananiandika kosa."

"Baba yako si mteja."

Brashi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Haya. Ijumaa jioni, nikitoka kazini. Lakini wewe utoke chumbani, nijue ni yeye."

"Nitatoka. Na akichoka, mpe majibu mawili achague. Halafu..."

"Nimekuelewa, Mama, msimamizi huyo anakuja." Akakata.

Mke alitaka kumpigia tena amalizie la vitufe. Akaogopa kumkera. Akajiambia, kijana mwenyewe kazi yake ndiyo hiyo, hakosi kujua.

Ijumaa Fundi alikunywa dawa, akangoja iingie, akakaa mezani. Mke alimwekea mto chini ya kiwiko, akalaza simu juu ya mpira, akatoka, akafunga mlango. Akasimama ukumbini, sikio mlangoni kama mwizi.

Brashi alijitahidi, haki yake tumpe. Aliandika mara moja tu: "Baba, nipo. Nasubiri." Na alisubiri. Ilikuja "brs". Hakuuliza. Ikaja "shi". Akanyamaza. Ikaja "ni", kisha ukimya mrefu, kwa maana Fundi alikuwa ameshika mkono wa kulia kwa wa kushoto, anaubembeleza. Labda kwenye steshini ya mabasi watu walikuwa wanamsukuma Brashi, labda sanduku lilikuwa halijafungwa. Aliona baba amechoka. Akafanya kama alivyofundishwa, nusu aliyofundishwa:

"Baba, usichoke. Unataka nije kukuaga? Bonyeza 1 ndiyo, 2 hapana."

Moja na mbili, mlango kwa mlango.

Fundi alilenga moja. Mtu aliyesimamisha herufi wima bila rula alilenga tarakimu moja, na kidole kikatulia kidogo, kama simu ilivyotaka, lakini kikatulia kwa jirani. Ikaenda "2".

Jibu lilirudi bila kukawia. "Sawa, Baba. Nimeelewa. Ubaki salama."

Mke alisikia mkoromo ambao haukuwa wa usingizi. Akafungua mlango. Fundi alikuwa akipigapiga kwenye simu kwa kidole, "si", "sii", "ss", na machozi yanadondokea kwenye skrini, na kila tone likileta herufi isiyoitwa. Mke akasoma, akaelewa yote kwa mara moja. Akaikimbilia simu yake.

"Brashi! Amekosea! Vitufe viko pamoja, alitaka moja! Muulize tena, mwambie A ndiyo, L hapana, zile ziko mbali. Athibitishe!"

"Mama."

"Muulize mara moja tu, baba yangu!"

"Mama, juzi uliniandikia wewe kwa jina lake. Leo unanisomea wewe jibu lake." Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilimuuliza peke yake, akanijibu peke yake. Ndiyo mara ya kwanza nimepata neno lake. Niachie hilo."

Akakata. Alipopigiwa tena, simu ilikuwa imezimwa.

Jumamosi mchana Fundi aliomba dawa, akangoja, akalaza kiwiko. Mke alikaa kando, mikono ameikalia ili isimwashe. Hakusema "ngoja nikusaidie". Hakumalizia. Vilikwenda vipande vingi, baadhi vya kufuta vingine, na ukivisoma kwa kufuatana unapata: Brashi nilitaka uje. Vyote vikapata alama moja tu, ya kwenda bila kufika. Ndege ilikuwa angani. Au namba ilikuwa imebadilishwa. Hawakujua.

Fundi aliviangalia. Kisha akanyanyuka, akabeba simu yake, akaingia chumbani kwa hatua zake za kuburura, akafunga mlango. Komeo likagonga.

Mke alisimama mbele ya mlango ule hadi miguu ikamuuma. Aliinua mkono agonge, akaushusha. Angegonga, mumewe angejibu kwa sauti ipi? Angeingia kwa nguvu, angekuwa anammalizia tena.

Akachukua simu yake, akaandika kwa uangalifu kuliko alivyowahi kuandika kitu: "Niingie? Q ndiyo. P hapana."

Akatuma, akaishika simu kwa mikono miwili. Hakuongeza neno. Kwenye skrini iliandikwa kwamba anaandika, ikapotea, ikarudi, ikapotea. Mke hakuuliza "vipi". Alisubiri vizuri mno, kwa subira yote ambayo juzi alipaswa kuwa nayo.

Ikaja "p". Moja tu, safi.

Akakumbuka kuthibitisha. "Umesema nisiingie. Ni sawa? Q ndiyo. P hapana."

Ukimya. Kisha ikaja "q".

Akakaa chini ukumbini, mgongo ukutani, na mlango ukabaki vilevile, umefungwa.