Ruhusa ya Kwenda

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kinachozichokoza upesi kuliko njaa ni Kiswahili cha ofisini. Nilifundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kuajiriwa katika ofisi yetu ndogo hapa Amalemba. Tunahudumia vikundi vya wakulima wa chai na maharagwe kule Shinyalu, na hadi leo kila mtu ofisini ananiita Mwalimu, hata mkubwa wetu, Madam.

Asubuhi moja Madam aliniita, akafunga mlango. Aliniambia ana uvimbe kwenye titi na daktari anataka kumpasua. Tarehe alikuwa ameshaiahirisha mara mbili. "Mara hii nikiahirisha tena, Mwalimu, daktari amesema nisimlaumu mtu."

Nikasema pole.

Kilichokuwa kikimzuia, alisema, si kisu tu. Mkubwa aliyekuwepo kabla yake aliandikia vikundi kwamba anaondoka kwa "sababu za kibinafsi", na watu wakajua hapo kuna namna: ama amefukuzwa, ama ofisi inafungwa. Vikundi viwili vilivunjika kabla ya ukweli kujulikana. Madam hakutaka kuondoka aache moshi nyuma yake. Pia hakutaka titi lake lijadiliwe sokoni. Alitaka kwenda akiwa na moyo mtulivu, basi.

Alikuwa ameandika barua pepe yake kwa Kiingereza, nzuri, fupi, ya adabu. Halafu akaitafsiri mwenyewe. Akanigeuzia kompyuta.

Wee! "Natumai barua pepe hii inawapata mkiwa wazima. Ninasikitika kuwatangazia kwamba nitakuwa nje ya ofisi kwa sababu za kibinafsi. Naomba radhi kwa usumbufu wowote unaoweza kusababishwa. Ahsanteni kwa uelewa wenu."

"Madam," nikasema, "nani amekufa?"

Akanikazia macho.

"Ninasikitika kuwatangazia! Huku kwetu ukisikia hivyo redioni, unatafuta kiti ukae, unangoja jina la marehemu. Hii wakisomewa kikundini, kesho watakuja hapa na unga na sukari ya matanga. Na 'nje ya ofisi' ni wapi? Kuna mzee mmoja atazunguka jengo lote akikutafuta. Atauliza, kama yuko nje, si aingie?"

Madam akacheka. Alicheka mpaka akajishika kifua, kisha akanyamaza ghafla, mkono ukabaki palepale.

Tukaanza upya. Nilimwambia tusiiguse ile ya Kiingereza, tuiweke kando, aniambie tu anachotaka wajue. Barua hizi hufika kwenye simu ya katibu wa kikundi, naye huwasomea wenzake kwa sauti wakiwa wamekaa. Kwa hivyo kila sentensi niliitamka kwanza, yeye akasikiliza.

Salamu haikutusumbua. Mtu haitumi barua ikamjulie mwenzake hali, anamjulia mwenyewe. Tukaandika: "Wazee wetu, mama zetu na ndugu zangu, hamjambo? Habari za nyumbani na za shamba?"

Ikaja sababu. "Nisiseme ugonjwa," akasema, "na nisidanganye." Nikamwambia Kiswahili kilishamfikiria kabla hajazaliwa. Aseme ana jambo la nyumbani. Mtu akikuambia ana jambo la nyumbani unasema haya, unamwacha. Nyumbani kunaingia kila kitu, na mwenye adabu hapigi hodi zaidi ya hapo. Madam aliyarudia maneno hayo polepole, "nina jambo la nyumbani", na mabega yake yakashuka kidogo. Nilishangaa kuona maneno madogo hivyo yakimtua mtu mzigo.

Tulipofika kwenye kuondoka kwenyewe ndipo tukagombana.

"Andika: naomba ruhusa yenu."

"Ruhusa? Mwalimu, mimi ndiye mkubwa! Ruhusa nimeshapewa na makao makuu Nairobi."

"Nairobi umepewa likizo. Hawa ni wazee. Kwa Kiingereza unawaarifu, na hiyo ni adabu ya Waingereza. Sisi mtu akiinuka kwenye kikao anaaga. Au kwenu Lugari mnainuka tu kama kuku?"

"Wewe mdomo wako utakuponza siku moja," akasema. Lakini aliandika.

Kusema kweli, kwangu ruhusa ilikuwa nakshi ya lugha tu. Unaomba, kisha unakwenda zako. Sikutegemea mtu aijibu.

Hatimaye ikawa hivi:

"Nina jambo la nyumbani linalonibidi niliangalie mwenyewe, kwa hivyo naomba ruhusa yenu kuanzia Jumatatu hadi mwisho wa mwezi ujao. Simu yangu nitaizima, si kwa ubaya. Ofisi haifungwi. Kazi yangu nimemwachia Mwalimu. Jambo lisiloweza kungoja, mwambieni yeye. Najua wengine wenu mtapata taabu nisipokuwepo. Mniwie radhi. Mungu akipenda, nitarudi tuendelee."

Hilo la Mungu akipenda halikuwemo mwanzoni. Madam alikuwa ameandika "nitarudi", akakata, akaandika tena. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Hapo tangulize Mungu, Mwalimu. Mimi peke yangu siwezi kuahidi." Nikaandika.

Akaituma. Alitarajia kimya, maana barua zake zote za awali zilikuwa zikijibiwa kwa kimya. Tukaagiza chai.

Chai haikupoa. Jibu la kwanza liliingia, kisha la pili, kisha simu ikawa haina pumziko. "Ruhusa umepewa, Madam." "Nenda salama, nyumbani ndiko kwanza." "Sisi hatuna neno, utatukuta." Kufika jioni mzee mmoja aliandika kwamba kikundi chao kimekaa, kimelizungumza, na kimekubali. Kimekaa! Kumbe neno nililoliona nakshi, wao walilipokea kama jukumu. Walikuwa wameombwa kitu, nao wakakitoa, kila kikundi kwa kauli yake. Nilisimama nyuma ya kiti cha Madam nikisoma, nywele zimenisimama. Nimefundisha lugha hii nusu ya maisha yangu, na siku hiyo niliiogopa kidogo, vile mtu anavyoiogopa mvua kubwa akiwa ndani ya nyumba.

Jibu la mwisho lilitoka kwa mama mwenyekiti wa kikundi kimoja cha kule karibu na msitu. Hakuna aliyemwambia kitu kuhusu hospitali, hilo nina hakika, maana siri tulikuwa nayo wawili tu. Aliandika:

"Luhusa ya kwenda tumekupea. Ya kukosa kurudi hatujapeana."

Mimi ambaye sijawahi kuiacha l na r zipite bila kalamu nyekundu, sikuigusa herufi hata moja. Madam aliisoma mara moja kwa macho, kisha akaniomba nimsomee kwa sauti. Nilisoma. Alilia waziwazi, akapangusa uso kwa kitambaa, akampigia daktari mbele yangu. "Jumatatu nakuja," akasema. "Hapana, mara hii siahirishi."

Akaenda. Wiki zikapita, na mimi kila asubuhi nikigombana na watu wasio na makosa, kwa sababu ya hofu.

Siku aliyorudi hakupitia ofisini. Alinipigia simu nimpeleke kwanza kwa yule mama, kule karibu na msitu. Kikundi kilikuwa kimekaa. Alikuwa amekonda, amejifunga leso mabegani. Akasimama mbele yao akasema, "Nimerudi. Sikuwa na ruhusa ya kubaki."

Mama mwenyekiti alimtazama, akamtazama pale kifuani kwenye leso, wala hakuuliza. "Tunajua," akasema. "Keti unywe chai."