Milango Arobaini ya Kibamba

Mzee mwenye maduka alikataa milango yangu siku ile ile alipoiona. Arobaini, yote ya mninga, imeegemezwa ukutani kwenye tawi la duka lake la vifaa vya ujenzi, Kibamba. Akaniambia niipakie niirudishe Keko nilikoitengenezea.

Mbao nilikuwa nimekopa, na mwenye mbao alishika randa yangu ya umeme kama dhamana. Milango ikirudi, randa imekwenda, na bila randa mie si fundi tena.

Baada ya siku nne aliniita kwenye duka lake kubwa la Temeke. Nilimkuta na meneja wa Kibamba, aliyeniagiza ile milango, na wakili wa mzee, mama wa makamo mwenye lafudhi ya Kaskazini. Nikawaamkia, nikakaa ukingoni mwa kiti.

"Kijana," mzee akaanza, "huyu meneja nilimkataza. Asiagize zaidi ya milango kumi bila kunipigia simu. Kaagiza arobaini kwa kichwa chake. Basi akulipe yeye."

Meneja alikuwa anatazama viatu vyake.

"Oda ina muhuri wa tawi," wakili akasema. "Mdogo wangu, kwa nini ulimwamini?"

Mie maneno hunitoka taratibu, na mbele za watu ndiyo kabisa. Nikasema mzee mwenyewe ndiye aliyenipeleka Kibamba mara ya kwanza. Alimshika meneja bega akaniambia, "Akikuagiza huyu, nimekuagiza mie." Halafu mara mbili meneja aliniagiza milango kumi na mitano, na mzee akalipa.

"Na nikamkaripia!" mzee akadakia. "Mara zote mbili!"

"Fundi alikuwepo?"

"Awepo vipi? Nilimwita ndani nikafunga mlango. Mimi simwaibishi mtu wangu mbele ya fundi."

Wakili akaandika kitu. Kisha akanigeukia.

"Sasa hapa unijibu vizuri. Siku unapokea oda ya arobaini, ulijua kwamba mwisho wake ni kumi? Kama ulijua, mzee hana deni na wewe."

Nilinyamaza.

"Mnaona?" mzee akasema. "Mwenye haki hawi bubu."

Nilinyamaza kwa sababu ya daftari lililokuwa mfukoni. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, lakini kila kazi naiandika, na siku nayo. Kwenye daftari lile kulikuwa na mstari niliouogopa tangu asubuhi. Nilifikiria hata kuichana ile karatasi. Ila mama yangu alinifundisha kwamba daftari lililochanwa si shahidi. Nikalitoa nikampa wakili.

Akasoma kwa sauti: "'Meneja kasema mzee anataka kumi tu. Kasema tusiseme, ataongea naye.'"

Mzee akapiga meza. "Alijua! Si huyo hapo? Alijua!"



"Subiri, mzee." Wakili aliweka kidole kwenye ukurasa. "Haya uliandika lini?"

"Siku ya kushusha, mama. Wakati gari linashusha milango."

"Oda ulipokea lini?"

Nikamfunulia kurasa za nyuma. Miezi miwili kabla. Katikati mlikuwa na mbao, gundi, bawaba, kila kitu na siku yake. Akalinganisha na tarehe iliyokuwa kwenye muhuri. Zilikuwa sawa.

"Alipoambiwa, makubaliano yalikuwa yameshafungwa na milango imeshakwisha," akamwambia mzee. "Katazo lako lilikuwa chumbani, mlango umefungwa. Uliyomwonyesha fundi ni mengine: bega la meneja, muhuri, na malipo mara mbili. Kwa hayo umemwaminisha. Mahakamani utashindwa, na mimi sitakuficha."

"Kwa hiyo nibebe kosa la huyu?"

"Kwa fundi, ndiyo. Wewe na meneja wako ni jambo jingine. Alivuka maagizo yako, unaweza kumdai hasara."

Mzee alilivuta daftari, akalifunga, akanirudishia. Kisha akasema, "Milango ibaki. Kijana, kesho uje kwa mhasibu." Akamtazama meneja. "Wewe usitoke."

Nilitoka kwanza. Meneja alinifuata hadi kizingitini, kwa dakika moja tu.

"Ungesema kwa mdomo yangetosha, dogo," akaninong'oneza. "Ile 'tusiseme' ulikuwa na haja gani ya kuiandika?"

Nikalirudisha daftari mfukoni. Alikuwa ndiye mtu wa kwanza kunipa oda ya zaidi ya milango mitatu. Mzee akamwita tena, akarudi ndani, na mlango ukafungwa.

Randa yangu niliichukua wiki ile ile. Kibamba sasa kuna meneja mwingine. Mzee alinipeleka mwenyewe kunitambulisha kwake, na safari hii hakumshika bega. Alisema mbele yetu wote wawili, "Mwisho wake kumi. Fundi, andika." Akasimama kuningoja, nami niliandika polepole mpaka nikamaliza.