Lifti, Mama Mkwe na Ubao wa Nasubiri

Msimamizi wa lile jengo la ghorofa sita alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na kumbukumbu ambayo yeye mwenyewe hakuiamini hata kidogo. Kwa sababu hakuiamini, alikuwa na ubao. Ulikuwa ukutani ofisini kwake, chumba chembamba kando ya mlango mkuu, kati ya kabati la funguo na dirisha linalotazama mapipa ya taka. Aliugawa kwa mstari mmoja mweusi katikati. Kushoto aliandika NAFANYA. Kulia aliandika NASUBIRI.

Upande wa kulia ndio uliomfanya apewe jina la Bi Kumbusho. Ombi lolote lililotoka mikononi mwake kwenda kwa mtu mwingine liliingia pale siku ileile: nani ameombwa, ameombwa nini, tangu lini, na atakumbushwa lini. Hakuandika kamwe “kampuni ya maji” au “ofisi ya bima”. Aliandika mtu. “Ofisi haina simu mfukoni,” alikuwa akisema. “Mtu anayo.” Kila Jumatatu na kila Alhamisi, chai ikiwa bado ya moto, alisimama mbele ya ubao na kupita mstari kwa mstari. Aliyejibu alifutwa. Ambaye siku yake ilikuwa imefika alipigiwa. Ambaye siku yake haijafika aliachwa apumue.

Wapangaji walimcheka, lakini mabomba yao yalitengenezwa.

Hata mumewe, dereva wa lori ambaye nusu ya mwezi huwa barabarani, alikuwa na mstari wake: “Mume – kitasa cha bafuni.” Aliwahi kulalamika kwa simu kwamba amefanywa mkandarasi.

“Mkandarasi angekuwa ameshakuja,” mkewe alimjibu.

Mwezi ule mama mkwe alikuja kuwatembelea. Alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi, mwanamke mpana, mcheshi, mwenye goti la kulia ambalo daktari alishalipiga marufuku kupanda wala kushuka ngazi. Hilo halikumsumbua mtu, kwa kuwa lifti ilikuwepo. Ilimpandisha hadi ghorofa ya tano, yeye na kikapu chake na cherehani yake ya mkono, ikamshusha mlangoni kwa heshima zote. Kesho yake asubuhi ikafa.

Fundi wa lifti alifika, akafungua, akachungulia, akatikisa kichwa. Lifti yenyewe haikuwa na neno. Mota ya mlango ndiyo iliyoungua, na mlango usipofunga, lifti haiondoki. Imetengenezwa hivyo ili isiue watu. Mota ikipatikana, kuifunga ni kazi ya asubuhi moja. Akamwachia Bi Kumbusho anwani ya barua pepe ya karani wa stoo wa kampuni yao, maana vipuri vyote hupitia kwake.

Bi Kumbusho alimwandikia karani kabla fundi hajamaliza kunawa mikono. Barua pepe ikatoka. Ndipo akachukua kalamu, akaandika upande wa kulia: “Karani wa stoo – mota ya mlango wa lifti.” Akaweka tarehe. Akapanda ngazi zote hadi nyumbani kumpa mama mkwe habari.

“Nimeshaomba, Mama. Yuko kwenye ubao.”

“Nani, mota?”

“Karani.”

“Basi mpelekee salamu zangu hukohuko ubaoni,” alisema mama mkwe, akavuta cherehani karibu na dirisha.

Wiki ya kwanza ilikwenda kwa mzaha. Mama mkwe alishona mapazia ya sebuleni, ambayo hayakuwa yameharibika. Wiki ya pili alishona foronya. Halafu akaanza kupunguza magauni ya mke wa mwanawe bila kuulizwa, na hapo mzaha ukaanza kupungua pia.

“Huu mkasi wa jikoni unatafuna kitambaa kama mbuzi,” alilalamika jioni moja. “Ule mkubwa wangu uko wapi?”

“Uko salama, Mama,” alijibu Bi Kumbusho haraka, akaenda kuangalia chungu kisichohitaji kuangaliwa. Mkasi mkubwa ulikuwa ofisini, kwenye droo. Aliuazima mwaka wa arusi yake na sasa alikuwa akikatia maboksi na matangazo ya wapangaji.

Lakini shida yenyewe haikuwa mkasi. Umoja wa mafundi cherehani wa mtaa wa mama mkwe ulikuwa unachagua mwenyekiti Jumamosi, na yeye alikuwa anagombea. Mpinzani wake alikuwa mwanamke mmoja waliyejifunza naye kazi, ambaye, kwa maelezo ya mama mkwe, hakuwahi kupachika zipu ikakaa sawa. Kanuni ya umoja ilikuwa fupi: mgombea asiyefika ukumbini amejitoa. Miaka sita alikuwa akingoja zamu hiyo. Sasa alikuwa akifanya kampeni kwa simu, kutoka ghorofa ya tano, kama ndege kwenye waya.

Wapangaji wawili wenye mabega walijitolea kumshusha kwenye kiti.

“Hapana, wanangu,” aliwaambia. “Mwenyekiti habebwi kwenye kiti kabla hajachaguliwa. Na mkiniangusha, yule mpinzani wangu ataniletea maua.”

Kila Jumatatu na Alhamisi Bi Kumbusho alikumbusha. Karani wa stoo mara nyingi huwa kwenye rafu, mbali na simu ya mezani, kwa hiyo aliyepokea alikuwa dada wa mapokezi.

“Naulizia mota yangu ya mlango.”

“Ndiyo, mama, ninaiona hapa. Karani anayo, anaishughulikia.”

“Hajasahau?”

“Huyu? Huyu hasahau kitu, mama. Anaandika hadi anayemuazima kalamu.”

Bi Kumbusho akakata simu akiwa na moyo mweupe. Hatimaye mtu wa aina yake. Aliandika pembeni ya mstari, “Amekumbushwa,” na tarehe. Alhamisi ya mwisho kabla ya uchaguzi, pembeni ya mstari ule palikuwa na “amekumbushwa” nyingi kiasi cha kugusa kabati la funguo.

Siku hiyo alishuka akiwa amevimba kwa hasira. Usiku mama mkwe hakuwa ametania hata mara moja. Alikaa na gauni lake la kijani la uchaguzi magotini, akatengeneza upindo uliokuwa mzima, akasema tu, “Nitampigia katibu kesho jioni, nimwambie najitoa. Afadhali nijitoe mwenyewe.” Bi Kumbusho angevumilia kusemwa. Upole ule haukuvumilika.

Basi akaketi kuandika barua ya kumshtaki karani kwa meneja wake. Aliitaka iwe barua isiyo na pa kushikwa, yenye ushahidi wote chini yake, kwa hiyo alifungua mfululizo wa barua zao ili auambatanishe. Akasoma ombi lake: fupi, safi, lenye adabu. Chini yake palikuwa na jibu.

“Mama, asante. Mota za aina hiyo ninazo mbili tofauti hapa stoo. Mlango wenu unafunguka katikati au upande mmoja? Ukinijibu tu, natuma siku hiyohiyo.”

Chini ya hapo hapakuwa na kitu.

Bi Kumbusho alilitazama lile swali. Alilikumbuka. Alilisoma kwenye simu akiwa ngazini, ghorofa ya tatu, beseni la nguo kiunoni, akajisemea, “Katikati, bila shaka,” na hata alipofika chini alisimama mbele ya mlango wa lifti ili ahakikishe. Ulikuwa wa katikati. Akaridhika kabisa, kama mtu aliyejibu. Kisha akaenda kuanika.

Tangu saa ile mstari ule haukuwa na haki ya kukaa kulia. Karani alikuwa ameurudisha mpira kwake. Ombi lilipaswa kuvuka mstari mweusi na kwenda NAFANYA. Yeye alikuwa ameliacha NASUBIRI na kulilisha vikumbusho.

Akafuta barua ya mashtaka. Akaandika: “Unafunguka katikati.” Akatuma. Halafu akapiga simu na kuomba, safari hii, karani mwenyewe aitwe kutoka kwenye rafu. Alisubiri akisikiliza maboksi yakiburutwa.

“Bi Kumbusho?” sauti ya mwanamume ilisema. Jina lilikuwa limefika hadi kule. “Nilikuwa nakuja kwako leo.”

“Kwangu?”

“Kwenye daftari langu. Uko kwenye ukurasa wa ninaowasubiri. Nimekuandikia mara mbili nyingine, zikarudi; nadhani sanduku lako limejaa.”

Lilikuwa limejaa. Limejaa nakala za vikumbusho alivyowaandikia watu wengine.

“Na dada wa mapokezi hakukuambia napiga?”

“Aliniambia. Nikamwambia, ‘Mwambie nangoja jibu.’ Yeye akakuambia nini?”

“Kwamba unaishughulikia.”

“Dada ni mtu mwema,” alisema karani. “Hapendi kuudhi watu. Katikati, umesema? Mota inatoka sasa hivi. Fundi atakuwa kwako kesho asubuhi.”

“Kaka, samahani sana.”

“Usijali, mama. Wewe ndiye mteja wangu pekee anayekumbusha. Wengine nawakumbusha mimi hadi nachoka.”

Angeweza kupanda juu na kusema kampuni imejirekebisha. Ghorofa mbili za kwanza alikuwa amekwisha kuipanga hadithi hiyo. Ghorofa ya tatu, pale alipolisoma swali, hadithi ikamshinda.

“Mama,” alisema mlangoni, akihema, “usimpigie katibu. Mota inakuja kesho. Ilikuwa stoo siku zote. Aliniuliza swali, sikumjibu.”

Mama mkwe aliweka sindano chini. “Swali gumu?”

“Mlango unafunguka wapi.”

“Nawe ulikuwa unaujua?”

“Ninaujua.”

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika, akacheka hadi gauni la kijani likamtoka magotini, akafuta macho kwa upindo wake.

“Kumbe nimefungiwa na mkwe,” alisema, “na mimi nilikuwa namlaani fundi wa watu.”

Mota ilifungwa Ijumaa kabla ya adhuhuri. Jumamosi asubuhi wapangaji walisimama chini kumpokea mgombea. Bi Kumbusho hakuwa nao bado. Alikuwa ofisini, anachora safu mpya upande wa kulia wa ubao, nyembamba, yenye kichwa cha habari kirefu kuliko upana wake: “Nani amesema mwisho?” Kila ombi lililokuwa pale alilifungulia barua zake na kuangalia. Mawili yalivuka mstari kwenda kushoto, na aliyavusha bila kumwambia mtu.

Mlango wa lifti ulifunguka, katikati, na mama mkwe akatoka katika kijani kibichi, kikapu mkononi. Hakwenda moja kwa moja kwenye gari lililomngoja nje. Aliingia ofisini, akautazama ubao kutoka juu hadi chini kama anayekagua mshono wa mwanafunzi, akachukua kalamu bila kuomba. Upande wa kulia, chini kabisa, aliandika kwa herufi kubwa: “Mkwe – mkasi wangu mkubwa – tangu arusi.” Kwenye safu mpya akaandika: “Mimi.”

Bi Kumbusho alifungua droo, akautoa mkasi, akamkabidhi. Mama mkwe akaupima uzito wake, akaufungua na kuufunga mara mbili, akasikia unavyokata hewa, akautia kikapuni.

Kisha akaufuta mstari wake kwa kiganja, akajipangusa wino kwenye tangazo la wapangaji, na akaenda kugombea.