Jina la Tatu Kwenye Orodha

Mtaa mzima ulimwita mama huyo Fundi, hata mwenye nyumba aliyekuwa akimdai kodi. Alikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa, na televisheni ndogo juu ya rafu ya nyuzi. Kila jioni kipindi cha mahakama kilipoanza, mguu wake uliacha kukanyaga pedeli na nguo za watu zikangoja. Wateja walishazoea. Walivuta mikeka na kuketi naye.

Alichokipenda ni mlango. Katika kila kipindi, kesi inapokaribia kuzama, mlango wa nyuma unafunguliwa na mtu aliyedhaniwa kapotea anaingia. Ukumbi mzima unageuka. Wakili wa upande wa pili anapiga meza, "Napinga!", na hakuna anayemsikiliza. Fundi alilia hapo kila mara, na ukimuuliza analia nini, atakwambia ni vumbi la vitambaa.

Ukweli ni kwamba alikuwa akimlilia dada yake. Miaka tisa nyuma mama yao alifariki, na dada, aliyekuwa akifanya kazi mji wa mbali, alifika siku mbili baada ya mazishi. Fundi alimkuta mlangoni na begi lake. Alimwambia, "Umechelewa. Rudi ulikotoka." Dada akainama, akaokota begi, akarudi. Tangu siku hiyo hawakupigiana simu. Fundi alikuwa nayo namba yake, kaiandika kwa chaki ya kushonea nyuma ya mlango wa kabati, na kila ilipofifia aliipitia upya.

Kisha ikaja kesi ya chumba alichokiacha mama. Mama alikuwa amekinunua kwa mfanyabiashara fulani, na karatasi ya mauzo ilikuwepo, ina sahihi ya mfanyabiashara, ya mama, na ya shahidi mmoja. Mfanyabiashara naye alipofariki, mwanawe alimfungulia Fundi kesi akidai chumba kilipangishwa tu, na sahihi ile si ya baba yake. Shahidi aliyetia sahihi siku ile alikuwa dada.

Fundi hakumtaja kwa wakili wake. Wakili alipoomba majina ya mashahidi, alitoa mawili: lake na la jirani. La tatu alilificha moyoni, kwa hesabu zake mwenyewe. Angemtumia dada ujumbe siku moja kabla, dada angeingia kwa ule mlango, upande wa pili ungepigwa na butwaa, na wao wawili wangekumbatiana mbele ya hakimu. Chumba kingepona. Lakini tuseme kweli, kama angeambiwa achague kimoja, chumba au dada, asingefikiria hata dakika.

Wiki tatu kabla ya kusikilizwa, akashindwa kujizuia.

"Mama wakili, mimi nina shahidi wa kushtukiza."

Wakili, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliweka kalamu chini. "Wa kushtukiza?"

"Ndiye huyu aliyetia sahihi. Dada yangu. Ataingia mwishoni."

"Nani kakufundisha hayo, televisheni?" Wakili hakucheka. "Sikiliza, mama. Mahakamani kila upande unampa mwenzake orodha ya mashahidi mapema, na maelezo ya kila mmoja kwa maandishi, ili ajiandae kumuuliza. Asiyekuwemo haingii tu kama mgeni wa harusi. Sasa lazima tuombe ruhusa. Upande wa pili wapewe nakala, wapewe nafasi ya kujibu, na hakimu anaweza kukataa."

"Atakataa?"

"Inategemea sababu. Utaapa kwa maandishi kwa nini hukumtaja mwanzoni. Kwa nini?"

Fundi alishona nguo za mtaa mzima bila kupima mara mbili, lakini jibu hili halikutaka kukatika vizuri. "Andika kwamba nilimfukuza," akasema mwishowe. "Andika kwamba nilikuwa naona haya kumpigia."

Ikaandikwa, aya ya nne. Akaapa, akasaini. Upande wa pili ulipinga, hakimu akawasikiliza wote wawili, akaruhusu, akawaongezea wapinzani siku kumi na nne za kujiandaa. Karani wa wakili ndiye aliyempigia dada na kuchukua maelezo yake. Yaliporudi, Fundi aliyasoma amesimama. Yalikuwa na namba pembeni, makavu kabisa. Namba ya kwanza ilisema: Namfahamu mdaiwa, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Aliisoma hiyo mpaka karatasi ikalegea.

Siku yenyewe alimwona dada kwenye korido, ameketi kwenye benchi la mbao, mvi zimeingia, begi mapajani. Miguu ya Fundi ilikwenda kwake yenyewe, lakini wakili akamshika mkono. "Tunaitwa. Shahidi anabaki nje. Haruhusiwi kusikia wenzake wakisema." Wakatazamana tu. Mlango ukafungwa katikati yao.

Fundi alitoa ushahidi wake karibu asubuhi nzima, maana hakimu aliandika kila neno kwa mkono na kusema, "Polepole, mama, naandika." Halafu, kwa kuwa jirani alikuwa bado kwenye foleni ya hospitali, jina la tatu likaitwa la pili.

Mlango ukafunguliwa. Hakuna aliyegeuka. Wakili wa upande wa pili alikuwa tayari ameshafungua ukurasa wake. Hakimu alikuwa anajaribu kalamu. Aliyeshtuka ni Fundi peke yake, ingawa alijua saa, jina na kila neno litakalosemwa.

Dada akaapa. Akaonyeshwa karatasi, akaitambua sahihi yake.

"Na ulimwona mfanyabiashara akitia sahihi hapa, sivyo?" aliuliza wakili wa Fundi.

Mwenzake akainuka nusu, sauti ya chini kama anayeomba chumvi. "Napinga, mheshimiwa. Swali linampa shahidi jibu."

"Uliza upya," alisema hakimu, na hakunyanyua kichwa.

"Nani alitia sahihi hapa, na wewe ulikuwa wapi?"

"Mfanyabiashara mwenyewe. Nilikuwa nimemshikia taa."

Ikaja zamu ya upande wa pili. Wakili yule alifungua ile aya ya nne, akaisoma kwa sauti, mpaka kwenye kufukuzwa, mpaka kwenye haya. Fundi aliinamisha uso. Hivyo ndivyo dada alivyopata kuombwa radhi, kwa mdomo wa mtu asiyewatakia mema.

"Mtu aliyekufukuza, unakuja kumsaidia. Umeahidiwa nini?"

"Sikuahidiwa kitu." Dada akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mama kabla hajafa alinipigia, akaniambia huyu mtoto—"

"Napinga, mheshimiwa. Ameshajibu. Yanayofuata ni maneno ya marehemu, hatuwezi kumuuliza, na hayahusu sahihi," wakili yule akamkatiza.

"Pingamizi limekubaliwa. Shahidi, inatosha."

Hakimu hakuandika. Fundi aliona kalamu ikiwa imetulia, na akatamani kuinuka aseme, mwacheni amalize. Hakuinuka. Wakili wake hakuwa na swali la ziada.

"Umemaliza," hakimu akamwambia dada. "Uko huru. Unaweza kwenda, au ukakaa humu usikilize."

Dada akaokota begi.

Jirani, aliyekuwa amefika akihema, aliitwa aape. Fundi alikuwa ameketi mbele kando ya wakili na hakuthubutu kugeuka. Alisikia viatu vya dada vikipita nyuma yake kuelekea mlangoni, vile vile alivyovisikia miaka tisa nyuma. Vikasimama. Benchi la nyuma yake likalia kwa uzito wa mtu, na begi likawekwa chini.

"Akaniambia huyu mtoto—" dada alinong'ona.

"Kimya huko nyuma," karani wa mahakama akasema.

Ilikuwa saa sita kasoro. Jirani alikuwa mtu wa maneno mengi, na hakimu aliandika kila neno. Fundi alikaa wima, akasubiri jioni, dada apate kumaliza.