Geti Lililofunguka Bila Gari

Mwenyekiti wa wakazi wa ile kompaundi ya Engutoto alinipokea akiwa amevaa koti la suti, nyumbani kwake, mchana wa jua kali. Kabla hajaniambia geti lina tatizo gani, aliniambia kwanza alistaafu akiwa nani. Nikasubiri amalize. Nimefanya kazi ya ufundi wa mageti ya umeme hapa Arusha kwa miaka mingi, na watu wa aina yake nimewazoea: anakuita ufanye uchunguzi huku jibu ameshalipitisha kwenye kikao.

Jibu lake lilikuwa mlinzi. Geti lao ni la kuteleza, na lilikuwa linafunguka lenyewe mchana kweupe, mara linafika katikati linaanza kufunga, mara linafunguka tena. Wiki iliyotangulia lilifunguka wakati ng'ombe wa watu wanapitishwa barabarani, na ng'ombe, ambao hawakuwa wamealikwa lakini hawakuwa wamekatazwa, wakaingia wakala maua ya mwenyekiti mpaka mizizi. Akaamua kuwa mlinzi ndiye aliyefungua, kwa sababu mlinzi ni Mwarusha na ng'ombe walikuwa wa Waarusha. Huo ndio ulikuwa ushahidi wote.

"Hawa watu wanajuana," aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba ananipa siri ya serikali. Mimi ni Mmeru wa Nkoaranga, nimekua nikichunga ng'ombe wa mama kwenye migomba. Sikumwambia.

Mlinzi nilimkuta nje ya geti, amekaa juu ya jiwe, shuka limefungwa vizuri begani. Alikuwa mtu mzima wa umri wa baba yangu. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Alinieleza kwamba alinyang'anywa rimoti na kutolewa kwenye kibanda, akaambiwa akae pale mpaka uchunguzi uishe. Na geti, akasema, lilikuwa bado linafunguka. Hilo nililirudisha kwa mwenyekiti. Akanijibu bila kupepesa macho kwamba basi mzee ana rimoti ya pili ndani ya shuka. Nikaona nifungue boksi la umeme kabla sijasema neno litakalonifukuzisha.

Ndani ya boksi nilikuta bodi ya saketi ya kutengenezwa kwa mkono. Mwenyekiti akatangaza kwa fahari kwamba ni kazi ya mpwa wake, mhandisi. Kazi ya bodi hiyo ilikuwa rahisi. Chini ya lami, upande wa ndani, kuna waya uliozungushwa. Gari likisimama juu yake, sensa inalihisi, swichi ndogo iliyo ndani ya sensa inafunga, na umeme wa volti tano unafika kwenye mguu mmoja wa chipu ya bodi. Chipu ikiona volti tano inaamuru mota ifungue. Gari likiondoka swichi inaachia, na mguu ule unapaswa kurudi sifuri.

Mafundi walionitangulia walishabadilisha sensa, wakabadilisha na mota. Nilipouliza kwa nini, mwenyekiti alisema walishauri hivyo. Kubadilisha kitu kizima kwa sababu hujui kilichoharibika si ushauri. Ni kubahatisha, halafu mtu anakupa risiti.

Nilikaa nikaangalia. Geti likafunguka. Taa ya sensa, ambayo huwaka ikihisi gari, ilikuwa imezima. Kwa hiyo sensa haikusema kitu. Nikachomoa kipokezi cha rimoti, yaani kama mzee angekuwa na rimoti kumi ndani ya shuka zisingefanya lolote, na geti likafunguka tena. Nilimwita mwenyekiti aje aone. Aliona, akasema tuendelee na uchunguzi.

Nikashuku waya unaotoka kwenye sensa, kwa sababu mpwa aliulaza bomba moja na waya wa mota, jambo ambalo hata mwanafunzi hukatazwa. Nikauchomoa kwenye bodi, nikiwa na hakika nimemaliza. Geti likatulia kidogo. Kisha nikapeleka mkono nirekebishe skrubu, na kabla kidole hakijagusa kitu, mota ikanguruma. Nikaurudisha mkono, nikausogeza tena. Ikanguruma.

Nikachukua mita nipime volti za mguu ule. Mita ikasoma karibu na sifuri, na geti likawa tulivu kama la kanisani. Nikaondoa mita, likaanza vurugu. Nikarudisha, likatulia. Nakiri nilikasirika, kwa sababu hakuna kitu kinachochosha kama ugonjwa unaopona kila daktari akiingia. Nilinyanyuka, nikazunguka boksi, wingu la Mlima Meru lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye mashamba, na hapo ndipo nikaelewa. Mita yenyewe ndiyo ilikuwa dawa. Mita ina njia nyembamba sana ya umeme ndani yake, na nilipoiunganisha kati ya mguu ule na upande wa hasi, iliupa mguu mahali pa kumwagia chaji. Bila mita, swichi ikiachia, mguu haukuwa umeshikwa na chochote. Ulikuwa unaelea. Ukielea, unaokota kila uchafu wa umeme unaopita karibu: waya wa mota, unyevu, mkono wangu. Chipu inasoma uchafu huo kama gari.

Nikageuza bodi. Mahali unapoingia waya wa swichi ya kubonyeza, ile ya kufungulia geti kwa mkono, palikuwa na rizista ndogo inayoelekea upande wa hasi, kipande kinachoupa mguu njia ya kumwagia chaji kama ilivyofanya mita yangu, imekaa vizuri. Mahali unapoingia waya wa sensa palikuwa na matundu mawili matupu. Mhandisi alijua inatakiwa, akaichorea mahali, kisha hakuiweka.

Mwenyekiti alimpigia mpwa simu, akaweka spika. Kijana alisema mezani kwake ilifanya kazi bila hiyo, na kwamba angeweza kuandika programu ya kupuuza makosa. Nilimwambia mezani kwake hapakuwa na mota, mvua wala waya mrefu. Akasema ana mkutano.

Nilitoa kwenye mkoba rizista ya kilo-omu kumi, nikaichomea kwa lehemu kwenye matundu yale, nikarudisha waya wa sensa na kipokezi. Nikaweka mkono juu ya bodi: kimya. Nikaendesha gari langu juu ya lami, taa ikawaka, geti likafunguka. Nikarudi nyuma, likafunga, likabaki limefunga. Kitu chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele.

Nilimwambia mwenyekiti yule mzee hakufungua geti, na kwamba ingefaa amwambie mwenyewe. Alirekebisha koti. "Hayo tuyaache," akasema. "Mwambie arudi kibandani, aendelee na kazi."

Nilitoka nikamweleza mzee yote, taratibu, mpaka alipoelewa kwamba kilichomkalisha kwenye jiwe ni kitu ambacho mtu aliona uvivu kukiweka. Aliniuliza swali moja tu: mwenyekiti anakuja? Nikasema haji. Akasimama, akakung'uta shuka, akaniomba nimpeleke Sokon One kama ninapita huko, kwa binti yake. Fimbo yake ilikuwa bado kibandani. Niliingia kuichukua mwenyewe.

Njiani alizungumzia mahindi. Jioni, mpangaji mmoja wa pale ambaye ni mteja wangu alinitumia ujumbe uliowekwa kwenye kundi la wakazi. Mwenyekiti alikuwa amewatangazia kwamba geti limetengemaa chini ya usimamizi wake wa karibu, na kwamba kwa sababu za kiusalama wanatafuta mlinzi mpya.